Paka anamaliza makochi: mpe nguzo inayolishinda kochi, pale pale alipo

"Shikamoo daktari. Niko hapa Tanga, nyumba ya kupanga, na paka wangu jike wa miaka miwili. Amefungwa kizazi, hatoki nje. Mwezi uliopita nilibadilisha vitambaa vya makochi, tayari mkono mmoja ameukwaruza mpaka sponji inachungulia. Nilimnunulia kile kinguzo cha dukani chenye manyoya na kampira kananing'inia, nikakiweka jikoni pembeni ya friji, hata hakitazami. Nikimkuta kwenye kochi namfukuza, nikigeuka amerudi. Mama mwenye nyumba ananiambia nikamng'oe kucha yaishe. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kung'oa kucha, tulimalize kabla ya mengine. Ukucha wa paka haukai juu ya ngozi kama wetu. Umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, na ili usirudi tena lazima mfupa huo ukatwe pamoja nao. Kwa hiyo anachokushauri mama mwenye nyumba ni kumkata paka ncha za vidole vyote vya mbele. Paka waliofanyiwa hivyo wengine huishi na maumivu ya miguu, hukataa kujisaidia kwenye mchanga kwa sababu kuufukua kunawaumiza, na wengi hugeukia kung'ata kwa kuwa silaha nyingine hawana. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zimepiga marufuku upasuaji huo pale usipotokana na ugonjwa. Mimi siufanyi, na sitakuelekeza kwa anayeufanya.

Sasa turudi kwenye kochi, maana jibu liko pale. Kaa chini mbele ya ule mkono ulioharibika, uangalie kwa utulivu. Michirizi inashuka kutoka juu kwenda chini, au imelala? Wa juu kabisa uko umbali gani kutoka sakafuni? Ameanzia kwenye kona ya mkono au katikati? Kitambaa chenyewe kimefumwa kwa nyuzi nene zilizoachana, au ni laini na kimebana? Chukua futi ya fundi upime, uandike. Paka wako ameshakueleza kwa kucha zake aina ya nguzo anayoitaka, na ile uliyomnunulia inapingana na karibu kila alichokisema.

Ukielewa kwa nini anakwaruza, utaelewa na kwa nini amelichagua kochi. Ukucha wa paka hukua kwa tabaka. Tabaka la nje likichakaa linapaswa kuvuka ili lililo chini, lenye ncha kali, lijitokeze, na hilo hufanyika anapochomeka kucha kwenye kitu kinachoshika kisha akavuta kwa nguvu. Papo hapo ananyoosha mabega na mgongo, ndiyo maana utamwona akikwaruza zaidi anapotoka usingizini. Kuna na jambo la tatu ambalo watu wengi hawalijui: kwenye nyayo zake, katikati ya vidole, ana tezi zinazotoa harufu. Sisi hatuisikii, ila yeye anaisikia vizuri. Akikwaruza anaacha alama ya kuonekana na alama ya kunusika kwa pamoja, na alama hizo haziwekwi mafichoni. Huwekwa mahali panapopitwa, panapokaliwa, penye harufu ya watu wake. Sebuleni kwako, mkono wa kochi unaotazama mlango ndio mahali penyewe.

Kwa hiyo kochi lina sifa nne. Ni refu kiasi cha kumwezesha kujinyoosha. Ni zito, halisogei akivuta. Lina kitambaa kinachonasa kucha na kuchanika. Tena liko katikati ya maisha ya nyumba. Kile kinguzo cha dukani ninavifahamu vya namna yake: urefu wa sentimita 40 au 50, kitako chembamba, manyoya laini yasiyoshika ukucha. Paka mkubwa akikiegemea kinayumba, na paka akiyumbishwa mara moja na kitu hakirudii. Halafu umekiweka pembeni ya friji, ambako kuna mngurumo na hakuna mtu anayekaa. Kampira kale nakushauri ukakate leo hii. Ulimi wa paka una vimiiba vinavyoelekea nyuma, akianza kumeza uzi ni shida kuutema, na uzi ukifika kwenye utumbo unaweza kuukunja na hata kuukata. Nimewafungua tumbo paka kwa sababu ya uzi mfupi tu.

Nguzo utakayompa ilishinde kochi kwa hizo sifa zote nne. Ikilizidi kwa mbili tu, ataendelea na kochi.

Urefu kwanza. Paka mkubwa akisimama kwa miguu ya nyuma na kujinyoosha mpaka mwisho hufika sentimita 70 hadi 80. Nguzo iwe na sentimita 80 kwenda juu, na mimi hupendelea 90 kwa sababu mbao ni ile ile na gharama haipishani sana. Linganisha na kipimo ulichochukua: kama mchirizi wa juu kabisa kwenye kochi uko sentimita 60, huenda ni kwa sababu mkono wa kochi ndipo unapoishia, wala si kwamba yeye ameishia hapo. Mpe nafasi ya kupita hapo.

Kitu cha kuzungushia tunacho hapa hapa kwetu. Kamba ya katani ndiyo inayotumiwa duniani kote kwa nguzo za paka, na sisi tunakaa katikati ya mashamba yake. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na hadi leo Tanga ndiyo Tanga ya mkonge. Nyuzi zake ni ngumu, zina ukwaru, zinanasa ukucha, na zinachanika polepole bila kukatika ghafla. Hicho ndicho paka anachokitaka: aone na ahisi kwamba anaharibu kitu. Chagua kamba isiyotiwa rangi, yenye unene wa milimita 8 au 10. Inusie kabla hujalipa. Ikinuka mafuta ya taa au dawa, iache, maana kuna kamba za kazi za shambani zinazotiwa dawa. Harufu ndogo ya mafuta ya kiwandani hupungua ukiianika juani siku moja au mbili. Kamba ya manila, ile ya plastiki ya bluu au kijani, usiiguse kabisa. Inateleza, ukucha haushiki, na vipande vyake vikimezwa havisagiki tumboni.

Mpelekee fundi seremala maelezo haya. Mbao ya nchi nne kwa nne, urefu sentimita 90, isiyotiwa dawa ya wadudu. Zile za kijanikijani za kuezekea zimelowekwa kwenye dawa, hazifai kwa mnyama atakayezikwaruza kisha akajilamba miguu. Apige randa kona zote nne ziwe za mviringo kidogo ili kamba ilale vizuri. Kitako kiwe vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, vigandishwe kwa gundi na kukazwa kwa skrubu viwe kitu kimoja. Nguzo ifungwe kutokea chini ya kitako kwa skrubu nne za nchi nne au tano, na vyuma vya kona viwili au vinne kwa juu kama anavyo. Vyote hivyo pamoja vitafika kilo 10 au zaidi, na uzito huo ndio unaoutafuta.

Ikiisha kufungwa, shika ncha ya juu kwa mkono mmoja uvute kuelekea kwako na kushuka chini, kama atakavyovuta yeye. Kitako kikiinuka upande mmoja hata kidogo, mrudishie fundi aongeze upana, au umwambie afunge nguzo ukutani kwa chuma kimoja juu. Kwa nyumba ya kupanga huenda hutaki kutoboa ukuta, basi weka tofali au vigae viwili juu ya kitako kwa upande wa nyuma. Watu wengi huniuliza kuhusu bomba la plastiki la maji taka la nchi nne. Linafaa endapo limejazwa mchanga mkavu na kuzibwa vizuri, lakini kulikaza kwenye kitako ni kazi, na kamba huteleza juu yake gundi ikilegea. Mbao ni bora.

Hesabu ya kamba ni rahisi, nayo itakuokoa na safari ya pili sokoni. Mzunguko mmoja kuizunguka mbao hiyo unakula karibu sentimita 43. Kamba ya milimita 10 inajaza sentimita moja ya urefu kwa kila mzunguko, kwa hiyo kufunika sentimita 85 unahitaji mizunguko 85, ambayo ni mita 37 hivi. Nunua mita 40. Ukichukua ya milimita 8 mizunguko inaongezeka, hesabu mita 46 hadi 48.

Kuzungusha kunahitaji subira na mikono miwili ya ziada. Anzia chini. Pigilia mwanzo wa kamba upande wa nyuma wa nguzo, msumari uzame kabisa, kisha paka gundi nyeupe ya seremala kwa urefu wa sentimita 10 tu kila mara, uzungushe ukivuta kwa nguvu. Kila baada ya mizunguko michache gonga kamba kwa nyundo na kipande cha mbao kuelekea chini ili ishikane na iliyotangulia. Kama unaweza kuingiza kucha ya kidole gumba kati ya mzunguko na mzunguko, imelegea, irudie. Kamba iliyolegea hujikunja paka anapovuta, ukucha wake hunasa, na akishtuka mara moja umempoteza. Malizia juu kwa msumari mwingine upande wa nyuma, pia uzame. Acha gundi ikauke usiku mzima dirisha likiwa wazi, na paka awe chumba kingine.

Hapo nguzo imekamilika, ila hujafika hata nusu. Nimeona nguzo nzuri kuliko hiyo zikikaa mwaka mzima bila kuguswa kwa sababu ziliwekwa barazani, chumba cha wageni, au nyuma ya pazia ili zisiharibu mandhari ya sebule. Yako iweke mbele ya mkono ule ulioharibika, kwa karibu kabisa, kiasi kwamba akija kwenye kochi inabidi akutane na nguzo kwanza. Najua itakuwa njiani na wageni watauliza. Vumilia. Huko mbele, akishaizoea na umemwona akiitumia mwenyewe kwa wiki mbili tatu mfululizo, utaanza kuisogeza sentimita chache kwa siku kuelekea upande unaotaka wewe. Ukiihamisha ghafla hadi kona nyingine ya chumba, atarudi kwenye kochi, maana alama yake aliiweka pale. Na popote utakapoifikisha, isitoke sebuleni.

Siku hiyo hiyo unayoiweka nguzo, kochi nalo lifungwe. Hapa ndipo watu huteleza: wanaweka nguzo na kuliacha kochi kama lilivyo, paka anakuwa na vitu viwili vizuri, naye anabaki na alichokizoea. Kwanza futa mkono ule kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ili harufu yake ipungue, kisha uache ukauke. Usitumie dawa za kuua vijidudu zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizichanganya na maji. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka halina uwezo wa kuzivunja vizuri. Kisha funika mkono mzima kwa nailoni nzito iliyobana, uifunge kwa pini upande wa chini na nyuma, au bandika selotepu pana yenye gundi pande zote mbili kwenye ile kona anayoipenda. Ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana ili ujue kama inaharibu kitambaa. Shuka iliyotandazwa juu juu haisaidii. Ataipenda zaidi ya kochi lenyewe, ama ataingia chini yake.

Usimwagie pilipili, usipake mafuta ya mikaratusi, usifiche vidonge vya naftalini kwenye mito. Najua majirani watakushauri. Paka hulamba kila kinachoshika manyoya yake, na vitu hivyo humwunguza au humtia sumu.

Mafunzo yenyewe ni mepesi, ila yanataka yafanyike wakati unaofaa. Wakati bora ni dakika ile anapoamka. Anafumbua macho, anapiga mwayo, anajinyoosha, na hapo hapo anatafuta mahali pa kukwaruza. Uwe na kamba fupi au unyoya mkononi, uburuze sakafuni kuelekea kwenye nguzo, kisha uupandishe juu yake. Atauruka kwa mikono yote miwili na kucha zitashika katani. Papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, mpe kipande kidogo cha kuku aliyechemshwa, au dagaa mmoja uliyemloweka ukamwaga maji ya chumvi. Ukichelewa hadi ameshageuka na kuondoka, atakuwa amelipwa kwa kuondoka. Mchezo ukiisha, uzi au unyoya huo uufungie kabatini.

Unaweza pia kukwaruza nguzo kwa kucha zako mwenyewe ukiwa umechuchumaa. Ule mlio wa katani huwavuta paka wengine. Kitambaa anacholalia kipapase juu ya nguzo ili kiache harufu yake. Jambo ambalo hutakiwi kufanya ni kumshika mikono na kuisugua kwenye nguzo kwa nguvu. Wenye paka hufanya hivyo kwa nia njema, lakini paka anajifunza kwamba pale kwenye nguzo ndipo anaposhikwa asipotaka.

Na ukimkuta kwenye kochi? Acha kumfukuza. Kelele na kurushiwa kandambili havimfundishi kwamba kochi ni baya, vinamfundisha kwamba wewe ni wa kuogopwa ukiwepo. Ndiyo maana ukigeuka anarudi. Mwite kwa uzi wake taratibu hadi kwenye nguzo, akishika mpe dagaa wake. Kama nailoni imefungwa vizuri, mwenyewe ataona kochi halina ladha tena.

Utajuaje kama anaitumia hata usipokuwepo? Chuchumaa uangalie kitako. Utakuta vigamba vidogo vyembamba, vimepinda kama mwezi mwandamo, vyeupe au vya kijivu, tupu ndani. Watu hunipigia simu wakiwa na hofu kwamba kucha za paka zinang'oka. Hazing'oki. Hilo ni tabaka la nje lililovuka, na ni dalili kwamba kazi inafanyika pale inapotakiwa. Kisha angalia kamba yenyewe: utaona nyuzi zimesimama kama ukanda kwa urefu fulani, mara nyingi sentimita 50 hadi 75 kutoka chini. Ukanda huo ukiendelea kuchakaa na mkono wa kochi ukibaki kama ulivyo, umeshinda. Wengine huanza siku ile ile, wengine huzungukazunguka wiki kadhaa kabla ya kuikubali.

Wiki hizo zikipita na bado anaikwepa nguzo, usibadilishe mambo yote kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichofaa. Anza na uthabiti, kwa sababu ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Kisha mahali. Kisha ndiyo ubadilishe kitu cha kukwaruza. Kuna paka wasiopenda kamba iliyozungushwa, kwa kuwa ukucha unarukaruka kutoka mzunguko hadi mzunguko, na wao wanapenda kuvuta mchirizi mmoja mrefu. Kama michirizi uliyoiona kwenye kochi ni mirefu, ya sentimita 20 na zaidi bila kukatika, huenda wako ni wa aina hiyo. Huyo mfungie nguzo kwa gunia la katani, lile zito la zamani, lililofuliwa na kukauka, likavutwa na kubanwa kwa gundi hadi lisiwe na mkunjo hata mmoja.

Nikupe mfano wa paka mwingine ili uone kwa nini nasisitiza kusoma alama kabla ya kutoa fedha. Mzee mmoja wa Chumbageni alinijia na malalamiko yanayofanana na yako. Alikuwa amemtengenezea paka wake nguzo ya mita nzima, imara kabisa, iko sebuleni, imefungwa katani safi. Paka hakuigusa. Nilipofika nyumbani kwake niliona kwamba kilichoharibika ni zulia, na chini kabisa ya kochi, kwenye ule upindo unaokaribia sakafu. Michirizi yote ilikuwa imelala. Paka mwenyewe alikuwa na miaka 13, na alipokuwa akishuka kitini alitanguliza mkono mmoja, akasita, ndipo akatua. Viungo vya mabega na viwiko vilikuwa vimekakamaa. Kusimama wima na kuvuta kulimwuma, kwa hiyo alikuwa anakwaruza akiwa ameinama. Tulichukua ubao wa sentimita 70 kwa 30, tukaufunga gunia, tukaulaza juu ya zulia pale pale, upande mmoja umeinuliwa kwa kipande cha mbao sentimita 10 hivi. Aliukubali siku chache tu baadaye, na nikamwanzishia dawa ya maumivu. Ile nguzo ya mita moja haikuwa na kasoro yoyote, ila ilikuwa ya paka mwenye mabega mazima.

Wako ana miaka miwili na anachana mkono wa kochi kwa kusimama, kwa hiyo sina wasiwasi huo kwake. Lakini ukimwona ameanza ghafla kukwaruza sehemu mpya, hasa fremu za madirisha na milango, fikiria jambo jingine. Paka huongeza alama akihisi eneo lake linavamiwa. Tazama nje jioni: huenda kuna dume wa mtaani anayepita barazani au anayekaa kwenye ukuta mkabala na dirisha. Bandika karatasi kwenye sehemu ya chini ya kioo asimwone, na weka kitu cha pili cha kukwaruzia karibu na dirisha hilo. Ukiongeza paka wa pili ndani, naye apewe nguzo yake, na zisisimame ubavu kwa ubavu.

Punguza pia ncha za kucha za mbele kila wiki mbili au tatu. Mpakate akiwa ana usingizi, bonyeza kidole taratibu mpaka ukucha utoke, ukate ile ncha iliyopinda tu. Ndani ya ukucha mweupe utaona sehemu ya waridi. Hapo kuna damu na fahamu, usiikaribie. Ukucha mweusi hauonyeshi, kwa hiyo kata milimita moja au mbili za mwisho na uache. Ukiogopa, mlete nikuonyeshe. Kukata hakutamzuia kukwaruza, na wala hatutaki aache, ila uharibifu unakuwa mdogo katika kipindi hiki anapojifunza.

Katani ikichakaa na kuning'inia, usikimbilie kuitupa nguzo wala kuifunga yote upya kwa siku moja. Kwake ile iliyochanika ndiyo yenye thamani, ina harufu yake na alama zake. Kata nyuzi ndefu zinazoning'inia kwa mkasi ili asizimeze, na kamba ikikatika kabisa badilisha ule ukanda uliochakaa peke yake, juu na chini uache kama vilivyo.

Kuhusu kochi lenyewe, usimwite fundi wa makochi sasa. Subiri mpaka nguzo iwe imetumika mfululizo kwa mwezi hivi. Siku utakapomwita, mkataze vitambaa vya nyuzi nene zenye vifundo na vile vilivyofumwa kwa kuachana, maana hivyo ndivyo vinavyoshika ukucha. Mwombe mahameli yenye nyuzi fupi zilizobana. Mtihani ni rahisi ukiwa dukani: pitisha ukucha wako juu ya kitambaa ukivuta kama paka. Kikinasa, kirudishe. Kikiteleza, ndicho. Na mwambie abakize kipande cha kutosha kufunika mkono mmoja, ukiweke kabatini.